Ndoo ya Lita 20 Mlimani

Mwanamke anayejitwika ndoo ya maji peke yake hufanya mambo manne kwa sekunde chache. Anaiinua kutoka chini hadi pajani. Anaipandisha kifuani. Anaisukuma juu kwa mikono huku akiingiza kichwa chini yake, shingo ikiwa imepinda upande. Kisha ananyooka, na maji yanatulia juu ya ngata. Atembee mita 100 au kilomita moja, sekunde hizo ndizo shingo yake inapokuwa hatarini kuliko wakati wowote wa safari, kwa sababu mzigo mzima unamwangukia akiwa amejipinda.

Ndoo iliyojaa ina kilo 20 za maji, na plastiki yenyewe ni kama kilo moja zaidi. Hakuna daktari aliyekaa akapima shingo za wanawake wa Iringa na Mbeya ndipo akapendekeza lita 20. Kipimo hicho kilitoka viwandani na sokoni: debe la mafuta, dumu la mafuta ya kula, ndoo ya rangi. Kilipoingia majumbani kikawa kipimo cha maji, cha mahindi na cha viazi, na shingo zikalazimika kukizoea. Mhadhara huu unauliza kama shingo zimekizoea kweli, hasa katika nyanda za juu kusini ambako karibu kila njia ya maji ina mteremko na mpando wake.

Hesabu ianzie nyumbani. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo kwamba mwanakijiji apate lita 25 kwa siku kutoka kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Nyumba ya watu sita inahitaji basi lita 150, yaani ndoo saba na nusu. Hata pale lengo hilo linapotimizwa kikamilifu, kilo 150 za maji zinapita juu ya shingo za nyumba hiyo kila siku, na mara nyingi shingo hizo ni mbili tu, ya mama na ya binti yake. Kuni, mahindi ya kupeleka mashineni na ndizi za kupeleka mnadani hazijahesabiwa hapo.

Kuna utafiti maarufu ambao hutajwa kila mara jambo hili linapozungumzwa, na hutajwa vibaya. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Nairobi, Norman Heglund na wenzao walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba kwa mkanda wa kipajini. Wanawake hao walitembea juu ya mashine huku hewa wanayovuta ikipimwa. Matokeo yalishangaza: walipobeba mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa miili yao, hawakutumia nguvu zaidi ya walizotumia wakitembea mikono mitupu. Kuanzia hapo nguvu zilizohitajika zilipanda kadiri mzigo ulivyoongezeka. Mwaka 1995 Heglund na wenzake walieleza sababu. Mwendo wa binadamu unafanana na timazi inayobembea: mwili unapanda na kushuka kidogo kila hatua, na sehemu ya nguvu ya kushuka inatumika kupandia hatua inayofuata. Wanawake hao walikuwa wamejifunza kuihifadhi nguvu hiyo vizuri zaidi walipokuwa na mzigo.

Watu wengi wakisikia hayo huondoka na neno moja tu, kwamba mwanamke wa Kiafrika ameumbwa kubeba. Utafiti haukusema hivyo. Kwanza, kikomo kilikuwa asilimia 20. Mama mwenye kilo 55 anafikia kikomo hicho kwa kilo 11, na ndoo iliyojaa inamzidi karibu mara mbili. Pili, ulipima nguvu za mwili mzima, haukupima maumivu ya shingo. Tatu, mashine ile ilikuwa tambarare. Mtu anayepanda kutoka Ipogolo, kando ya Mto Ruaha Mdogo, kwenda Iringa mjini hana timazi ya kumsaidia; kila kilo iliyo kichwani lazima ainyanyue mwenyewe mpaka juu ya kilima. Anayetoka kwenye vijito vya Rungwe na kupanda njia za udongo zinazoteleza kati ya migomba yuko hivyo hivyo. Tena mwaka 2010 Ray Lloyd na wenzake waliwapima wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini na hawakuona unafuu huo kwa wote. Baadhi waliupata, wengine hawakuupata kabisa, hata waliobeba kichwani tangu utotoni, na walipoulizwa ni wapi panapouma, shingo ndiyo iliyotajwa katika kubeba kichwani.

Shingo ina pingili saba, na juu yake kinakaa kichwa chenye kilo nne na nusu hadi tano. Kati ya pingili nyingi kuna diski laini inayopokea mtikisiko. Shingo ikiwa wima, masikio yakiwa sawa na mabega, mzigo unashuka kupitia mifupa na diski, na misuli inakuwa na kazi ndogo ya kusawazisha. Mambo hubadilika kichwa kinapotangulia mbele.

Mtu afikirie bembea ya ubao. Upande mmoja umekaa mzigo, upande wa pili misuli ya kisogoni, na katikati ubao umelalia pingili za chini za shingo. Misuli hiyo inavuta ikiwa kama sentimita tano tu nyuma ya pingili. Ndoo ya kilo 20 ikisogea sentimita tano mbele ya shina la shingo, misuli lazima ivute kwa kilo 20 ili ndoo isianguke. Pingili zinabeba vyote viwili: kilo 20 za ndoo na kilo 20 za mvuto wa misuli, jumla 40, kabla ya kuhesabu kichwa. Ndoo ikisogea sentimita kumi, misuli inavuta kilo 40 na pingili zinabeba 60. Hayo ni makadirio ya hesabu rahisi, lakini yanaonyesha kwa nini watu wawili wenye ndoo za uzito mmoja hawaumwi sawa. Na kwa kuwa katikati ya ndoo pako juu sana, kama sentimita 45 kutoka shina la shingo, kuinamisha kichwa kidogo tu, pungufu ya nyuzi saba, kunatosha kuzisogeza zile sentimita tano.

Hapo ndipo kilima kinapoonea. Anayepanda huegemeza kiwiliwili mbele, kwani asipofanya hivyo atarudi kinyumenyume. Lakini ndoo haiwezi kuegemea pamoja naye, maji yatamwagika. Basi shingo inakunjwa nyuma ili kichwa kibaki wima juu ya kifua kilichoinama, na viungo vidogo vya nyuma ya pingili vinabanana chini ya mzigo kwa muda wote wa mpando. Akishuka, kila kisigino kinachotua kinapeleka mtikisiko juu mpaka utosini. Ndiyo maana wanawake wenye uzoefu hufupisha hatua mlimani na kukata njia kwa mshazari badala ya kuipanda moja kwa moja. Ni ufundi, na unapunguza kweli. Kuvuta pumzi katikati ya mpando nako kunasaidia, ila kupumzika bila kutua ni nusu ya mapumziko tu, na kutua chini ni kuanza upya zile hatua nne za hatari. Jiwe pana au gogo lenye kimo cha kifua kando ya njia lina faida ambayo mpita njia asiye na mzigo hawezi kuitambua.

Miaka ikipita, alama zinabaki. Mwaka 1968 daktari wa upasuaji wa mishipa ya fahamu Lawrence Levy, aliyefanya kazi katika mji ambao sasa ni Harare, aliandika katika jarida la madaktari la Uingereza kuhusu watu walioumia shingo wakiwa na mizigo kichwani, akaipa hali hiyo jina la shingo ya mpagazi. Mwaka 1997 watafiti walilinganisha picha za eksirei za wabebaji 35 wa kichwani na watu 35 wasiobeba: karibu tisa katika kila kumi ya wabebaji walikuwa na uchakavu wa pingili, na kwa wasiobeba hawakufika robo. Kule Limpopo, Afrika Kusini, Jo-Anne Geere na wenzake waliwachunguza wachota maji mwaka 2010. Walibeba wastani wa kilo 19.5 kwa wastani wa mita 337 tu, umbali ulio ndani ya lengo la sera ile ya 2002, na bado asilimia 69 walisema wanaumwa shingo au mgongo. Lilikuwa kundi dogo, lakini linatosha kuonyesha kwamba kusogeza bomba karibu hakumalizi tatizo kama ndoo imebaki ileile.

Maumivu yenyewe hayafanani, na kuyatofautisha kunaokoa. Yaliyo mengi ni ya misuli: uzito na kukaza kunakoanzia kisogoni na kushukia kwenye bega, juu ya msuli ule mpana ambao mtu huukandakanda kwa mkono mwenyewe jioni. Hupungua kwa siku mbili tatu za kupumzisha kichwa, kwa maji ya moto na kitambaa, na kwa kusogeza shingo taratibu. Bega la upande mmoja likiuma zaidi, sababu mara nyingi ni mkono. Anayeshika ndoo safari nzima kwa mkono wa kulia anachosha bega hilo na kuivuta shingo upande mmoja. Abadilishe mkono kabla haujachoka.

Aina ya pili hutembea. Yanatoka shingoni yanashuka mkononi kama moto au ganzi mpaka kwenye vidole, kidole gumba na cha shahada, au kile cha katikati, na pengine mtu anashindwa kukamua nguo kama zamani. Hapo neva inabanwa inapotoka kati ya pingili. Kubeba kichwani kusimame, na mgonjwa aende kwa mganga wa hospitali.

Aina ya tatu mara nyingine haiumi, na hiyo ndiyo mbaya. Mikono inakuwa mizito kufunga vifungo, miguu inayumba kwenye njia aliyoizoea, akiinamisha kichwa anahisi kama shoti ya umeme inashuka mgongoni, au mkojo unasumbua. Neva kuu iliyo ndani ya uti wa mgongo inabanwa. Zahanati haina cha kufanya zaidi ya kumpeleka hospitali ya rufaa, na haraka. Mtu huyu asikandwe shingo kwa nguvu, asikunjwe kichwa mpaka shingo ilie, kama vinyozi wengine wanavyofanya kwa nia njema. Shingo ngumu yenye homa kali nayo si ya mizigo. Ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Halafu kuna kuteleza. Katika kituo cha tiba cha Savar nchini Bangladesh, walioumia uti wa mgongo walipohesabiwa mwaka 1994 na 1995, mmoja kati ya watano alikuwa ameanguka akiwa na mzigo mzito kichwani. Njia za Rungwe wakati wa masika hazina huruma zaidi ya zile za Bangladesh. Anayeteleza hujaribu kuokoa ndoo, na kuiokoa ndiko kunakomvunja. Aiachie ianguke pembeni au nyuma. Aliyeanguka akalalamika shingo, au mikono na miguu ikafa ganzi, asiinuliwe kwa makwapa. Mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili kikae sawa na mwili, wengine watatu wamgeuze kwa pamoja kama gogo na kumlaza juu ya mlango au ubao, na safari ya hospitali iende hivyo.

Kuhusu kuzoea, wengi huamini kwamba shingo huzoezwa kwa kubebeshwa. Ni kweli nusu. Misuli huongeza nguvu kwa majuma machache. Diski na kano zinahitaji miezi, na uchakavu wa pingili hauzoeleki. Mfano unaojirudia kila mwaka ni wa msichana anayerudi likizo kutoka shule ya bweni ambako maji yalikuwa bombani. Siku ya kwanza anatumwa mtoni na ndoo ileile ya mama yake, kwa kuwa ni mkubwa sasa. Siku ya tatu shingo haigeuki.

Msichana huyo ana kilo 50. Juma la kwanza abebe lita tano, yaani sehemu ya kumi ya uzito wake, tena safari chache. Akilala na kuamka bila maumivu, juma la pili afike lita saba, la tatu nane, la nne kumi. Kumi ndiyo asilimia 20 yake, na hapo asimame. Kama asubuhi shingo imekaza, arudi kiwango cha nyuma kwa siku tatu nne. Mwanamke aliyetoka kujifungua au kuugua wiki mbili naye aanze upya, kwa sababu misuli inayoshikilia shingo hupungua upesi kuliko inavyojengeka. Watoto ambao pingili zao bado zinakua hawafai kuzoezwa ndoo kubwa hata kidogo. Kidumu cha lita tatu au tano kinawatosha.

Mazoezi yenyewe hayahitaji kifaa. Weka kiganja kwenye paji la uso, sukuma kichwa dhidi ya kiganja bila kichwa kusogea, hesabu mpaka kumi. Fanya hivyo kisogoni, kisha kila upande juu ya sikio. Mara tano asubuhi, mara tano jioni, bila kubana pumzi. La pili ni kurudisha kidevu nyuma kama mtu anayekwepa moshi, macho yakibaki mbele, na kubaki hivyo kwa hesabu ya tano. Hilo la pili linafundisha mkao uleule unaotakiwa chini ya ndoo.

Ngata nayo ina kanuni zake. Kanga kuukuu inakunjwa upana wa vidole vinne, inazungushwa kwenye kiganja mpaka ipatikane duara lenye tundu katikati, na ncha inapenyezwa ndani ili isifumuke. Rungwe majani makavu ya mgomba hufanya kazi hiyo vizuri kwa sababu hayatepeti yakilowa. Tundu ndilo linalopeleka uzito pembezoni badala ya kuuacha uchimbe utosi. Ngata nyembamba inayopinda upande mmoja humlazimisha mbebaji kuinamisha shingo kufuata ndoo, naye hajui kwa nini upande wa kushoto unauma kila siku.

Ushauri wa kupunguza maji una mtego mmoja unaowakatisha watu tamaa. Lita kumi ndani ya ndoo ya lita 20 hucheza, na maji yanayocheza huisumbua shingo kuliko yaliyojaa kimya; mama anajaribu siku moja, anarudia kujaza. Dawa ni ndoo ya lita kumi yenye mfuniko, iliyojaa. Ndoo ya zamani ikiwa ndiyo pekee iliyopo, majani mabichi yanayoelea juu yanatuliza mawimbi, kama bibi zetu walivyofanya. Na safari zinaongezeka maradufu, hilo halifichiki. Kwa mita 400 kila upande, nyumba ya lita 150 itatoka safari saba na nusu hadi kumi na tano, na muda huo una wenyewe. Kwa hiyo mzigo mdogo unaenda pamoja na mikono zaidi, ya wavulana na wanaume wa nyumba hiyo, au pamoja na gurudumu. Baiskeli yenye madumu mawili au toroli moja la kukodishana kati ya nyumba nne linaondoa kichwani kile ambacho zoezi lolote haliwezi kukifanya chepesi.

Wanaume wa masoko ya viazi Uyole na kwingineko wana shingo zao pia. Sheria ya vipimo inakataza gunia kupita kilo 100, na Wakala wa Vipimo hupambana na lumbesa kwa ajili ya mkulima asipunjwe. Lakini gunia halali la kilo 100 likipakiwa kisogoni na mabegani bado ni karibu mara mbili ya kilo 55, ambazo pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linaziweka kuwa kikomo cha mwanamume mzima. Mfuko wa kilo 50 ungemlinda mkulima na mpakiaji kwa pamoja, na lori halingepungukiwa kitu.

Kwa upande wa maji, jambo la bei nafuu zaidi liko kituoni penyewe. Vituo vingi vina bomba lililo chini, ndoo inajazwa miguuni, na mama anaanza zile hatua nne. Fundi anaweza kujenga kando ya bomba jukwaa la matofali na saruji lenye kimo cha mabega ya mwanamke wa kawaida, pamoja na ngazi moja ya chini kwa ajili ya wasichana wafupi, na kupandisha bomba au kuweka mpira mfupi ili ndoo ijazwe ikiwa juu tayari. Mchota maji anasimama kando ya jukwaa, anapinda magoti, anaweka ngata, anaivuta ndoo taratibu mpaka ikae utosini, kisha ananyoosha miguu. Kuinua kunafanywa na mapaja. Nyumbani, meza imara au ukingo wa ukuta wenye kimo hichohicho unapokea ndoo kwa namna ileile, na pasipo na meza anahitajika mtu wa kumtua.